Saa Moja ya Jumapili

Gesi ikiisha jioni, wali ukiwa bado haujaiva, mume huuliza: "Mama watoto, mbona hukuniambia?" Mke hujibu: "Kwani mpaka nikwambie?" Ugomvi unaofuata hauhusu mtungi. Pesa ya kuujaza ipo, na kijana wa bodaboda wa kuuleta yupo. Kisichokuwa na mwenyewe ni kule kukumbuka kwamba mtungi una wiki ya nne na umekaribia kwisha.

Mwanasosholojia wa Marekani, Allison Daminger, aliipa kazi hiyo ya kichwani utafiti wake uliochapishwa mwaka 2019. Baada ya kuwahoji wanandoa, aliona kwamba kila jambo la nyumbani lina hatua 4: kuona mapema kwamba litahitajika, kutafuta njia za kulitimiza, kuamua, kisha kufuatilia kama limetimia. Kwenye kuamua, mume na mke walikaa pamoja mara nyingi. Kuona mapema na kufuatilia kuliwaangukia zaidi wanawake. Hatua hizo mbili hazionekani kwa macho, ndiyo maana hakuna anayezishukuru.

Saa moja ya kupanga kila wiki inafaa kwa sababu hiyo: inatoa kichwani mwa mtu mmoja yale anayoyabeba peke yake na kuyaweka mezani. Kugawana kazi za mikono ni sehemu ndogo tu ya shughuli yenyewe.

Tuchukue nyumba ya mfano jijini Dar es Salaam. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi, mume ni fundi umeme. Wana mtoto wa darasa la tatu na kichanga cha wiki 13, na dada wa kazi anayeishi nao. Wamechagua Jumapili saa mbili usiku, watoto wakiwa wamelala na televisheni imezimwa. Mezani kuna daftari moja na kalamu mbili.

Wanaanza na ratiba, kwa sababu miadi haisubiri. Kila mmoja anataja siku zake 7 zijazo. Wiki hii kichanga kinatimiza wiki 14, hivyo kuna chanjo kliniki. Alhamisi kuna kikao cha wazazi shuleni, na siku hiyohiyo mume ana kazi ya kufunga nyaya Kibaha. Jumamosi kuna harusi ya binamu, na kadi ya mchango haijalipiwa. Dakika 10 zinatosha.

Kazi ndizo zinazotaka muda mrefu zaidi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mume anasema kwa moyo mweupe, "Nitakusaidia kumpeleka mtoto kliniki." Neno kusaidia linaacha kazi mikononi mwa mke. Asubuhi ya siku yenyewe yeye ndiye atakayetafuta kadi ya kliniki, atakayefungasha nepi na khanga, atakayepiga simu saa nne kuuliza kama wamefika, na atakayeandika tarehe ya kurudi. Mume atakuwa amembeba mtoto tu. Kumkabidhi kazi nzima ni jambo jingine: tangu usiku huo, chanjo ni yake. Kadi anaijua ilipo. Baada ya chanjo ya wiki 14 anajua ile ya surua na rubela inakuja mtoto akifikisha miezi 9, na ni yeye atakayeileta mezani wakati huo bila kukumbushwa.

Kukabidhi kuna sharti lake. Wawili wanakubaliana kwanza kazi iliyokamilika inafananaje, kisha aliyekabidhi ananyamaza. Mke akisimama mlangoni kusahihisha namna nepi zilivyokunjwa, kazi imerudi kwake.

Dada wa kazi naye huficha mambo. Mume anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba mkewe hafui wala haoshi vyombo. Lakini nani anamwelekeza dada, anajua sabuni imebaki kiasi gani, anakumbuka mshahara wake, anamtafutia mwingine akienda kwao? Hiyo ni kazi ya usimamizi, na inastahili mstari wake kwenye daftari.

Pesa zifuate, si zitangulie, maana zikitangulia zinaila saa nzima. Mke anapata shilingi 600,000 kwa mwezi, na mume kwa wastani 900,000. Matumizi ya pamoja, yaani kodi, chakula, ada, umeme, gesi na mshahara wa dada, yanafika 750,000. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 375,000. Mke anabaki na 225,000 na mume 525,000. Wakitoa kwa uwiano wa kipato, mke anatoa 300,000 na mume 450,000, kila mmoja akibakiwa na nusu ya alichopata. Njia ya pili ni ya haki zaidi, ingawa si ya kila nyumba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamwekea mume wajibu wa kumtunza mkewe, na katika nyumba za Waislamu nafaka ni juu ya mume, mali ya mke ikibaki yake. Hapo mchango wa mke ni hiari, na daftari liuandike hivyo, ili usigeuke deni bila kusemwa.

Kipato cha fundi hupanda na kushuka, kwa hiyo swali la kila wiki ni dogo: wiki hii kimeingia nini, na kipi hakiwezi kusubiri? Mchango wa harusi na hisa za kikoba vitajwe papo hapo, kwani ndivyo vinavyovuruga hesabu iliyokuwa imekaa sawa.

Hatari kubwa ya saa hii ni kugeuka baraza la mashitaka. Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly walichapisha utafiti ambamo waliwauliza mume na mke, kila mmoja peke yake, amefanya sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Walipojumlisha majibu, shughuli nyingi zilipita kiasi kinachowezekana. Hawakuwa waongo, kila mtu hukumbuka kwa urahisi jasho lake mwenyewe. Kwa hiyo kubishana kwa kumbukumbu hakufiki popote. Daftari la wiki iliyopita ndilo lisomwe, na lawama za zamani zisubiri siku nyingine.

Hatari ya pili haina kelele. Mke ndiye anayekumbusha kwamba leo ni Jumapili, anayeleta daftari, anayeandika. Kikao kimekuwa mzigo mwingine wake. Dawa yake ni zamu: wiki hii mmoja anaitisha na kuandika, wiki ijayo mwenzake. Zamu ya mume ikipita bila kikao, hilo nalo liandikwe.

Saa hii haitibu kila nyumba. Mmoja akificha kipato makusudi, au akiwa na mkono wa kupiga, meza haitoshi. Hapo panahitajika wazee, ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi. Na dereva wa lori anayekwenda Lubumbashi hawezi kushika chanjo, ila anaweza kushika ada, umeme na simu za mwenye nyumba akiwa njiani.

Kipimo cha haki ni rahisi. Baada ya mwezi mmoja, kila mmoja ahesabu mara ngapi wiki hiyo alimkumbusha mwenzake jambo ambalo si lake tena. Ikiwa mke bado anakumbusha mara 10 na mume mara moja, kazi hazijagawanywa, zimeandikwa tu. Jumapili inayofuata waanzie hapo.