Kata Zinapounganishwa Kuwa Wilaya

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, idadi ya watu Tanzania Bara iliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na Zanzibar kwa asilimia 3.7. Ukijumlisha viwango hivyo viwili na kugawa kwa mbili unapata 3.45. Lakini kiwango cha nchi nzima ni 3.2. Sababu ni kwamba kati ya watu 61,741,120 waliohesabiwa mwaka 2022, Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 tu, yaani kama watatu katika kila mia. Kasi yao ni kubwa, lakini ni wachache mno kusogeza kiwango cha taifa.

Katika ngazi ya taifa kosa hilo halijifichi, maana jibu sahihi linajulikana na kila mtu. Ngazi ya wilaya ni hatari zaidi. Mtu ana ramani ya kata, anataka ramani ya wilaya, na programu inamuunganishia mipaka kwa sekunde chache. Ramani inatoka safi. Takwimu zilizo nyuma yake zinaweza kuwa upuuzi mtupu, na rangi za ramani hazitamwambia.

Katika QGIS, zana ya `Dissolve` hufuta mipaka ya ndani na kuziacha kata zenye msimbo mmoja wa wilaya zikiwa poligoni moja. Kazi yake ni umbo. Jedwali la sifa hailiunganishi: kila wilaya hubaki na thamani za kata ya kwanza iliyosomwa. Kwa hiyo safu ya idadi ya watu itaonyesha watu wa kata moja, na wilaya nzima itaonekana ina watu elfu kadhaa. Kosa hili angalau hupiga kelele. Kwenye safu ya asilimia hakuna kelele yoyote, kwa sababu asilimia 80 ya kata moja inafanana kabisa na asilimia 80 ya wilaya.

Zana inayofaa ni `Aggregate`. Hiyo inauliza, kwa kila safu, thamani ziunganishweje: `sum` kwa jumla, `mean` kwa wastani, na nyinginezo. Kwa idadi ya watu na ya kaya jibu ni `sum`, na hapo hakuna mjadala. Mtego uko kwenye `mean`, ambayo inaonekana kama chaguo la kawaida kwa safu ya asilimia. Kumbe `mean` huhesabu kata, haihesabu watu wala kaya.

Tuchukue wilaya ya kubuni yenye kata tatu. Kata ya mjini ina kaya 12,000, na asilimia 80 kati yake zina maji ya bomba. Kata ya pili ina kaya 2,000, asilimia 30. Ya tatu, ya milimani, ina kaya 1,000, asilimia 10. `mean` itatoa asilimia 40. Sasa zihesabu kaya zenyewe: 9,600, na 600, na 100, jumla 10,300 kati ya 15,000. Hiyo ni asilimia 68.7. Wilaya ambayo zaidi ya theluthi mbili ya kaya zake zina bomba imeandikwa kana kwamba wengi hawana.

Njia iliyonyooka ni kurudi kwenye sehemu. Kila asilimia ilitokana na kiasi juu na asili chini. Jumlisha viasi, jumlisha asili, kisha gawa mara moja tu, mwishoni. Kama jedwali lina asilimia pekee, kiasi kinapatikana kwa kuzidisha asilimia kwa asili yake. Katika QGIS hili linafanyika kwa swali moja kwenye tabaka pepe, likiunganisha umbo na hesabu kwa pamoja:

```sql
SELECT wilaya_kod,
  SUM(watu) AS watu,
  SUM(kaya) AS kaya,
  SUM(kaya * bomba_asl * 1.0) / SUM(kaya) AS bomba_asl,
  ST_Union(geometry) AS geometry
FROM kata
GROUP BY wilaya_kod
```

Hiyo `1.0` ina kazi yake. Bila hiyo, kama safu zote ni namba kamili, mgawanyo nao hutoa namba kamili, na 68.7 inakatwa kuwa 68.

Angalia pia kwamba nimezidisha kwa kaya, si kwa watu. Wengi waliokwisha kujua habari ya uzito hukosea hapa, maana idadi ya watu ndiyo safu iliyo karibu na mkono. Tuseme kata zetu tatu zina watu 42,000, 10,000 na 6,000. Ukitumia watu kama uzito, bomba linatoka asilimia 64.1 badala ya 68.7, kwa sababu kaya za milimani ni kubwa na zinavuta zaidi ya haki yake. Uzito wa kiwango chochote ni asili yake yenyewe. Maji ya bomba huhesabiwa kwa kaya, kujua kusoma na kuandika kwa watu wa umri uliopimwa, na msongamano wa watu kwa eneo la kilomita za mraba.

Data inayokosekana inaharibu zaidi. Tuseme asilimia ya kata ya mjini haikujazwa. Hesabu ya juu itairuka kata hiyo, lakini kaya zake 12,000 zitabaki chini. Matokeo ni 700 kwa 15,000, yaani asilimia 4.7, wakati kata mbili zinazojulikana zina asilimia 23.3. Dawa ni kujumlisha chini kaya za kata zenye jibu tu:

```sql
SUM(CASE WHEN bomba_asl IS NOT NULL THEN kaya END)
```

Na kando yake weka safu inayoonyesha kaya ngapi hazikuhusika, kwa maana hata hiyo 23.3 haiwezi kuitwa ya wilaya ikiwa mji wake haumo.

Kuunganisha kwa jina nako kuna hila zake. Nafasi moja tupu mwishoni mwa jina huzaa wilaya mbili zenye jina lilelile. Kinyume chake, Kibaha ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Safu ikisema Kibaha tu, mbili hizo zitakuwa kitu kimoja kwenye ramani ya halmashauri. Tumia misimbo. Ukimaliza, hesabu poligoni zilizotoka na ulinganishe na orodha ya wilaya, kisha jumlisha watu wa tabaka jipya. Lazima walingane na wa tabaka la kata hadi mtu wa mwisho. Tofauti ya hata mmoja ina sababu, na inafaa itafutwe.

Kwa asilimia kipimo hicho hakisaidii. Jibu la wilaya lazima liwe kati ya kata ya chini na ya juu, lakini 40 yetu ya uongo nayo imo humo. Kinachosaidia ni kuhifadhi safu za kiasi na asili kwenye tabaka la wilaya, zisifutwe baada ya kugawa. Anayekuja kutengeneza mkoa atajumlisha hizo hizo, na jibu lake litalingana na la aliyeanzia kata.

Kuna namba zisizokubali njia hii. Umri wa mtu wa katikati ni mojawapo: ukiwa na umri huo kwa kila kata, hakuna uzito utakaokupa wa wilaya. Inabidi urudi kwenye idadi ya watu kwa makundi ya umri, uyajumlishe makundi hayo kwa wilaya, na uutafute upya.