Matawi ya Mbuyu na Chaneli ya Bluu

Mbuyu uliopukutisha majani wakati wa kiangazi humtoa jasho anayetaka kubadilisha anga ya picha. Zana ya Photoshop inayochagua anga yenyewe, Select Sky, hukata shina na matawi manene vizuri. Ikifika kwenye vijiti vya nchani, mara nyingi huvimeza au huacha madoa ya anga ya zamani katikati yake. Zana hiyo inatafuta ukingo, na kijiti chembamba hakina ukingo wa kushika: pikseli moja inaweza kubeba nusu tawi, nusu anga.

Hapo geukia chaneli. Picha ya rangi imejengwa kwa picha tatu za kijivu: nyekundu, kijani na bluu. Fungua paneli ya Channels uzitazame moja moja. Kwenye Blue, anga ya samawati hukaribia weupe na matawi huwa meusi. Kwenye Red tofauti hiyo hufifia. Maski, basi, imo ndani ya picha tayari.

Buruta Blue hadi kwenye alama ya chaneli mpya upate nakala. Ile ya asili usiiguse, kwani ukiibadilisha utaharibu rangi za picha nzima. Ukiwa kwenye nakala bonyeza Ctrl+L, dirisha la Levels lifunguke. Kipimo chake huanzia 0, yaani nyeusi tii, hadi 255, nyeupe pee. Tuseme anga inasoma 210 na matawi 80: sogeza kitelezi cheusi hadi karibu 80 na cheupe hadi 200. Anga itatakata, matawi yatakolea, na kijivu chembamba kitabaki pembezoni. Kijivu hicho kitunze sana, maana kwenye maski ndicho kinachosema "chagua nusu". Ukibana kupita kiasi kitatoweka, na vijiti vitakuwa na meno kama msumeno. Kagua kwa ukubwa wa 100%.

Gome la mbuyu hung'aa juani, hivyo shina litabaki na mabaka meupe. Yapake brashi nyeusi. Kisha shika Ctrl na ubofye kijipicha cha nakala, rudi kwenye RGB, chagua tabaka la anga mpya na ubonyeze Add layer mask.

Anga ikiwa na wingu jeupe, chaneli zote tatu hufanana. Tumia maski ya mwangaza: Ctrl na kubofya RGB huchagua kila pikseli kwa kadiri ya mwanga wake. Bofya tena ukishika Ctrl+Alt+Shift. Pikseli iliyochaguliwa 50% hushuka hadi 25%, ya weupe kamili haipungui.

Njia hii haiondoi mwanga wa anga ya zamani uliokwisha kuchanganyika na vijiti. Ukiweka anga ya jioni yenye giza, kila kijiti kitavaa ukingo mweupe. Chagua anga yenye mwanga unaokaribia ule wa kwanza, na upige picha kwa RAW, kwa sababu JPEG hupunguza taarifa za rangi, na chaneli ya bluu huumia sana.