Alhamisi ibaki Alhamisi: jina la siku kwa Kiswahili ndani ya Excel

Ofisi ya mizigo Dar es Salaam inaandaa ratiba ya malori. Safu ya kwanza ina tarehe ya kupakia, na safu inayofuata inapaswa kutaja siku, kwa sababu dereva na kuli hukumbuka siku haraka kuliko tarehe. Karani anaandika 14/03/2024 kwenye seli A2, kisha anapanga seli ya pembeni ionyeshe siku kwa mtindo wa `dddd`. Inatokea Thursday. Faili hilohilo likifunguliwa kwa wenzao wa Bujumbura au Lubumbashi, ambako kompyuta nyingi zimewekwa Kifaransa, inatokea jeudi. Hakuna aliyegusa kitu, na bado Alhamisi haikuonekana popote.

Sababu ni kwamba Excel haihifadhi jina la siku. Haihifadhi hata tarehe kama tunavyoiona. Inachohifadhi ni hesabu ya siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1900, na kwa hesabu hiyo tarehe 14 Machi 2024 ni namba 45365. Ukiomba jina la siku kwa `dddd`, programu huchukua majina yaliyomo kwenye mipangilio ya lugha na eneo ya kompyuta husika. Kompyuta ikiwa ya Kiingereza hutoa jina la Kiingereza, ikiwa ya Kifaransa hutoa la Kifaransa.

Wapo wanaotumia fomula ya TEXT wakidhani itawaokoa:

```
=TEXT(A2,"dddd")
```

Hii ina udhaifu zaidi. Kwenye mipangilio ya Kifaransa herufi ya siku ni j, si d, na kilichomo ndani ya alama za nukuu hakitafsiriwi faili linapohama. Mwenzako wa Bujumbura anaweza kukuta seli imeandikwa dddd, herufi tupu. Kuna pia njia ya kutanguliza alama `[$-441]`, ambayo ni namba ya Kiswahili cha Kenya katika mfumo wa Microsoft, lakini nayo inategemea programu ya anayefungua iwe inayajua majina ya Kiswahili, na shida ya herufi d inabaki palepale.

Dawa ni kuyaandika majina yetu wenyewe ndani ya fomula, ili kompyuta isiachiwe nafasi ya kuchagua lugha:

```
=CHOOSE(WEEKDAY(A2),"Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi")
```

Anza kuisoma kutoka ndani. WEEKDAY huitazama tarehe na kurudisha namba kati ya 1 na 7. Usipoiagiza vingine, Jumapili ni 1 na Jumamosi ni 7. CHOOSE huipokea namba hiyo na kuhesabu majina uliyoyapanga: ikiletewa 1 inatoa jina la kwanza, ikiletewa 5 inatoa la tano. Kwa tarehe yetu WEEKDAY inarudisha 5. Hesabu kwenye orodha: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ndiyo siku ya lori.

Hapa kuna mtego unaomhusu msemaji wa Kiswahili kuliko mtu mwingine. Juma letu linahesabiwa kuanzia Jumamosi, kwa hiyo sikio letu linataka Jumatatu iwe ya 3 na Jumanne iwe ya 4. WEEKDAY ya kawaida inaiita Jumatatu 2. Anayepanga majina kwa kufuata hesabu ya juma, akianza na Jumamosi, atapata ratiba yenye sura nzuri kabisa lakini kila siku imerudi nyuma moja: lori la Alhamisi linaitwa la Jumatano. Excel haitatoa onyo lolote, maana kwake hakuna kosa.

Ukipenda hesabu ya kwetu, ipo. Tangu toleo la 2010, Excel inakubali namba ya aina baada ya tarehe, na aina ya 16 huanza juma Jumamosi:

```
=CHOOSE(WEEKDAY(A2,16),"Jumamosi","Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa")
```

Naipenda sana hii, kwa sababu anayeikagua anaona Jumatatu ikikaa nafasi ya tatu na Jumatano nafasi ya tano, kama ilivyo. Hata hivyo, kwa faili litakalosambazwa nashauri ile ya kwanza. Mwongozo wa Google Sheets unataja aina 1, 2 na 3 tu, na Excel ya kabla ya 2010 itajibu aina ya 16 kwa `#NUM!`.

Faili likivuka mpaka, majina ya fomula hubadilika yenyewe. Kwenye Excel ya Kifaransa CHOOSE itaonekana kama CHOISIR, na WEEKDAY kama JOURSEM. Majina yaliyo ndani ya nukuu hayaguswi, na sasa tabia hiyohiyo iliyoiangusha TEXT ndiyo inayotulinda. Tahadhari ni kwa anayeichapa fomula upya kwa mkono: mipangilio ya Kifaransa hutenganisha sehemu za fomula kwa nuktamkato, si mkato.

Karani akivuta fomula chini hadi kwenye safumlalo ambazo hazijajazwa, ataona Jumamosi zimejipanga mstari mzima. Seli tupu huhesabiwa kama sifuri, na sifuri kwa Excel huangukia Jumamosi. Ni hatari, kwa sababu Jumamosi ni siku halali na mtu anaweza kuiamini. Mfunge mlango kwa IF:

```
=IF(A2="","",CHOOSE(WEEKDAY(A2),"Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi"))
```

Ukikutana na `#VALUE!`, mara nyingi tarehe yenyewe si tarehe bali ni maandishi. Hutokea unapoandika 14/03/2024 kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, inayotarajia mwezi mbele: haujui mwezi wa 14, hivyo inaiacha kama maandishi. Dalili yake ni kwamba inaegemea kushoto mwa seli, wakati tarehe ya kweli huegemea kulia. Kibaya zaidi ni 05/03/2024. Hiyo inakubalika kote, ila kwetu ni 5 Machi, Jumanne, na kwenye mpangilio wa Marekani ni 3 Mei, Ijumaa. Fomula yetu haiwezi kulitibu hilo, lakini inalifichua: ukitarajia Jumanne ukaona Ijumaa, kagua tarehe kabla ya kuilaumu fomula. Penye shaka andika `=DATE(2024,3,5)`, mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, na kompyuta yoyote itakuelewa vilevile.

Kabla ya kuisambaza, ijaribu kwa tarehe ambazo siku zake zinajulikana. Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, utoe Jumamosi. Uhuru wa Kenya, 12 Desemba 1963, utoe Alhamisi. Muungano, 26 Aprili 1964, utoe Jumapili. Usiijaribu kwa tarehe za kabla ya 1 Machi 1900, kwa sababu Excel inaamini kulikuwa na 29 Februari mwaka huo, siku ambayo haikuwapo, na siku zote zilizotangulia zimehama kwa moja.

Na ukitaka kupanga ratiba kwa mfuatano, panga kwa safu ya tarehe. Majina yanayotoka kwenye CHOOSE ni maandishi ya kawaida, hivyo ukiyapanga yenyewe yatafuata alfabeti: Alhamisi itatangulia, Ijumaa itafuata, na Jumatatu itajikuta mwisho kabisa.