Afisa Mikopo Mpya Anapojitambulisha Kikundini

Siku ya kwanza, afisa mikopo mpya asifike peke yake. Aletwe na yule anayemwachia kikundi. Ataje jina na tawi lake, kisha kitambulisho kipite mkono kwa mkono.

“Shikamooni, mama zangu. Sipokei hela bila stakabadhi, wala sidai chochote ili mkopo upite.”

Baada ya hapo, kila mwanachama alinganishe kitabu chake na orodha ya ofisi. Kitabu kikionyesha deni la shilingi 120,000 na orodha 150,000, huenda rejesho la 30,000 halikufika ofisini. Tofauti hiyo iandikwe papo hapo, isainiwe na mwenyekiti na maafisa wote wawili, maana yule wa zamani akishaondoka, mwanachama ndiye atakayedaiwa.