Dakika Tano Kabla ya Insha

Karatasi ya Fasihi ya KCSE nchini Kenya humpa mtahiniwa saa mbili na nusu kwa maswali manne, takribani dakika 37 kwa kila swali. Tano kati ya hizo ni za kupanga.

Tuseme swali linahusu athari za vita kwa familia katika Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei. Mtahiniwa makini hakimbilii kusimulia. Huandika hoja kwanza: vita vinaua jamaa, vinawahamisha watu makwao. Kando ya hoja ya kwanza huweka Ridhaa, aliyepoteza familia nyumba ilipochomwa. Ya pili, Kaizari kambini.

Nukuu huwa fupi, msemaji na mazingira yake yakitajwa. Aya isiyorejelea swali ni masimulizi matupu, na mtahini hana pa kuweka alama.