Sekunde 30: Andika Ushahidi Kwanza

Msikilizaji wa tangazo fupi la maelezo hupokea mambo manne kwa mpangilio huu: kivutio kinachomfanya asikilize, hoja moja ya kubeba, ushahidi wa kumfanya aiamini, na wito unaomwambia afanye nini. Mpangilio huo unajulikana, na wengi huketi kuandika kwa kuufuata kutoka juu kwenda chini. Hapo ndipo skripti nyingi zinapoharibikia. Anayesikiliza huanza na kivutio, lakini anayeandika anapaswa kuanza na ushahidi, kwa sababu ni ushahidi unaoamua ni hoja ipi inaweza kusemwa ndani ya sekunde 30 na ipi haiwezi.

Tuchukue kazi moja tuifanye mpaka mwisho. Chama cha wakulima kinataka video ya sekunde 30 ya kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp wakati wa mavuno, kuwasaidia wakulima wasihifadhi mahindi mabichi. Rasimu ya kwanza ya kazi ya namna hii, mara nyingi, huwa hivi:

"Habari za leo mkulima mwenzangu. Karibu katika kipindi chetu cha elimu ya kilimo. Leo tutazungumzia umuhimu wa uhifadhi bora wa mahindi baada ya mavuno. Mahindi yasiyokauka vizuri huharibiwa na ukungu ambao husababisha sumukuvu, na pia wadudu kama dumuzi hushambulia ghala. Unashauriwa kukausha mahindi juani, kupima unyevu, kutumia mifuko ya kinga njaa na kusafisha ghala. Kwa maelezo zaidi wasiliana na ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe."

Hakuna uongo humo. Tatizo la kwanza ni muda, na muda wa Kiswahili hupimwa vizuri zaidi kwa silabi kuliko kwa maneno. Neno "na" ni silabi moja, "tutazungumzia" ni silabi saba. Ukihesabu maneno utadanganyika. Kuhesabu silabi zetu ni rahisi: karibu kila irabu ni silabi moja, kisha ongeza ile "m" inayosimama peke yake, kama katika "mkulima". Kipimo ninachokitumia ni silabi tano kwa sekunde, mwendo wa mtu anayesoma kwa utulivu bila kuvuta. Sekunde 30 zinabeba silabi 150, lakini usizijaze zote. Acha sekunde tatu au nne za kimya, watu wapate kuona na kuelewa.

Sasa hesabu rasimu ile. Ina silabi 184, kwa hiyo itachukua kama sekunde 37. Salamu, makaribisho na tangazo la mada peke yake ni silabi 63, zaidi ya sekunde 12. Sekunde hizo 37 zikiisha, mkulima ameshaambiwa mambo manne ya kufanya na hajaonyeshwa hata moja. Msomaji akiongeza kasi ili yote yaingie, atayaingiza kwenye muda lakini hayataingia kichwani.

Kwa hiyo tuache rasimu pembeni tuulize: katika mambo yale manne, ni lipi linaweza kuthibitishwa mbele ya macho ya mtu kwa sekunde 13 hivi? Kusafisha ghala hakuwezi. Faida yake huonekana baada ya miezi. Mifuko ya kinga njaa vilevile. Kukausha juani kila mkulima anakujua. Linalobaki ni kupima unyevu, na kwa bahati nzuri kipo kipimo kinachoonekana: chupa na chumvi.

Kipimo chenyewe kinafanyika hivi. Unachukua chupa ya kioo, safi na kavu, yenye kizibo. Unatia mahindi yafike theluthi moja ya chupa, unaongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu, unafunga na kutikisa vizuri, kisha unaiacha itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 au hivi na yanahitaji kuanikwa tena. Kuta zikibaki safi na chumvi ikatulia chini, unyevu uko chini ya hapo.

Huo ni ushahidi wa video hasa, kwa sababu jibu liko kwenye kioo na mtu halihitaji kuambiwa. Panga chupa mbili, moja yenye mahindi mabichi na nyingine yenye makavu, na macho yatalinganisha yenyewe. Kikwazo ni zile dakika 15. Haziingii kwenye sekunde 30, na ukikata picha kimyakimya mtazamaji atadhani matokeo huja papo hapo. Atatikisa, ataangalia, ataamua vibaya. Sema muda huo kwa sauti, uuandike pia kwenye skrini.

Ushahidi ukishapatikana, unaiwekea hoja mipaka. Chupa inaonyesha unyevu. Haionyeshi sumukuvu, kwa kuwa mahindi yaliyokwisha kuota ukungu shambani yanaweza kukaushwa yakapita kipimo cha chumvi huku sumu ikiwa bado imo. Wala haithibitishi kwamba mahindi yamefika asilimia 13 au 13.5 zinazotakiwa kwa kuhifadhi muda mrefu. Inakamata tu yale ambayo kwa wazi bado. Hivyo skripti haiwezi kusema "mahindi yako ni salama". Inaweza kusema: pima kabla ya kufunga gunia, na chumvi ikiganda anika tena. Hiyo ndiyo hoja moja. Imepungua kuliko tulivyotaka mwanzo, lakini kila neno lake limesimama juu ya kile kinachoonekana.

Wito hutoka hapohapo. "Kwa maelezo zaidi wasiliana nasi" hauna kitendo, hauna wakati na hauna chombo. Wito mzuri humwambia mtu kitu anachoweza kukifanya kwa alichonacho nyumbani, na humwambia lini. Chupa ipo, chumvi ipo, mahindi yapo. Basi ni leo jioni. Usiweke wito wa pili. Namba ya simu yenye tarakimu kumi, ikisomwa moja moja, hula silabi 20 na ushei, sekunde nne nzima, na hakuna anayeikariri. Kama ni lazima, iandikwe kwenye skrini, sauti iendelee na kazi yake.

Kivutio kinakuja mwisho, wakati tayari tunajua kinamvutia mtu kuelekea wapi. Hapa kuna kishawishi kikubwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na 125 kati yao walifariki. Habari hiyo ni ya kweli na ni nzito, na mwandishi atataka kuifungulia. Lakini mtu aliyefunguliwa kwa vifo vya sumukuvu atatazama ile chupa akiamini inapima sumukuvu. Kivutio kitakuwa kimeahidi jambo ambalo ushahidi haulitoi, na katika suala la chakula kosa hilo linaweza kumdhuru mtu. Takwimu hiyo inastahili skripti yake, yenye hoja ya kuchambua na kutupa punje zilizoota ukungu.

Kivutio chetu kitoke kwenye kile ambacho mkulima hufanya tayari. Wengi hupima mahindi kwa kuyauma. Punje huwa ngumu jinoni kabla haijafikia ukavu wa kuhifadhiwa, ndiyo maana gunia lililofungwa kwa uhakika hufunguliwa likiwa na joto na harufu. Anza na jino, na kila aliyewahi kuuma punje atasimama asikie.

Skripti yetu sasa ni hii:

Kivutio. Picha: mkono ukipeleka punje mdomoni. Sauti: "Unapima mahindi kwa kuyauma? Jino linadanganya."

Hoja. Picha: chupa tupu, kibakuli cha chumvi, gunia lililo wazi. Sauti: "Kabla ya kufunga gunia, pima kwa chumvi na chupa kavu."

Ushahidi. Picha: chupa mbili kwa karibu, kwenye skrini "Mahindi theluthi ya chupa, chumvi kavu vijiko 3, subiri dakika 15". Sauti: "Chupa mbili, mahindi na chumvi. Tumetikisa, tumesubiri dakika kumi na tano. Hii, chumvi imeganda kwenye kioo: mahindi yana unyevu. Hii, kioo ni safi: chumvi imebaki chini."

Wito. Picha: mahindi yakimwagwa kwenye turubai juani. Sauti: "Leo jioni chukua chupa, upime. Chumvi ikiganda, anika tena."

Hesabu yake: kivutio silabi 19, hoja 19, ushahidi 65, wito 24. Jumla 127, sekunde 25 na kidogo, na zinabaki zaidi ya nne za kimya. Ziweke zote kwenye ushahidi: baada ya "unyevu", kamera ikae kwenye kioo chenye chumvi, sauti inyamaze. Angalia pia kwamba ushahidi umechukua zaidi ya nusu ya maneno. Kwenye rasimu ya kwanza haukuwa na hata silabi moja.

Kabla ya kurekodi, jaribu mara mbili. Kwanza soma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu, kwa kuwa ukisoma kimoyomoyo utaenda haraka kuliko mdomo. Kisha msomee mtu asiyehusika mara moja tu, umuulize: "Umeambiwa ufanye nini?" Akijibu "nipime kwa chumvi, ikiganda nianike", imefika. Akijibu "mambo ya kuhifadhi mahindi", amekumbuka mada na kuikosa hoja, rudi ukapunguze. Akiuliza "kwani chumvi yenyewe ikiwa na unyevu?", amekugusia udhaifu wa kweli, hasa Pwani, ambako chumvi ya jikoni hunyonya unyevu wa hewa na kuganda hata kama mahindi ni makavu. Jibu lake ni kuitikisa kwanza chumvi peke yake kwenye chupa kavu; ikiganda, haifai kwa kipimo. Maelezo hayo yaandike chini ya video, kwa kuwa ukiyasukuma ndani ya sekunde 30 utavunja ushahidi.

Skripti hii haitafaa redioni ikihamishwa kama ilivyo. "Hii" na "hii" hazina maana kwa asiyeona. Redioni ushahidi itabidi uhamie kwa mkulima aliyefanya kipimo, aeleze kwa sauti yake alichokiona kwenye chupa na alichokifanya baadaye, na vipimo vya mahindi na chumvi vitamkwe. Hapo nafasi itakuwa finyu zaidi, na chupa ya pili itabidi iondoke. Ushahidi umebadilika, kwa hiyo na kazi inaanza upya kutoka kwake.

Na yale mambo mengine matatu ya rasimu ya kwanza? Mifuko ya kinga njaa ina ushahidi wake: fungua mbele ya kamera mfuko uliofungwa miezi michache iliyopita, pembeni ya gunia la kawaida lililoliwa na dumuzi. Hiyo ni skripti nyingine, itolewe wiki nyingine, kwa mkulima ambaye sasa ameshajua kwamba mahindi anayoyatia humo ni makavu.