Kiendelezi Kinapoomba Kusoma Kila Ukurasa

Unapobofya Add to Chrome, kivinjari hufungua kidirisha kidogo cha ruhusa. Sentensi ya kutazamwa kwa makini ni inayosema kiendelezi kitasoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote. Maana yake kinaweza kuona barua pepe uliyofungua, na hata nywila unayoiandika. Kizuia matangazo kina sababu ya kuomba hivyo. Kikokotoo hakina, basi bonyeza Cancel.

Lakini ruhusa ya leo hutumika pia kesho. The Great Suspender, kiendelezi kilichopumzisha vichupo visivyotumika, kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na msimbo hasidi. Kivinjari hukusimamisha masasisho yakidai ruhusa kubwa zaidi. Mmiliki akibadilika, hakikuambii. Aliyepewa tovuti zote tangu mwanzo hana cha kuomba tena, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa hiyo fungua chrome://extensions, bofya Details, kisha kwenye Site access chagua On click. Kiendelezi kitasoma ukurasa pale tu utakapokibofya.